Kilo Moja ya Karafuu, Kilo Tano za Mchele

Mwanzoni mwa karne ya 19 Pemba ilikuwa ikiwalisha wengine. Mpunga wa mabonde yake ulipakiwa majahazini kwenda Mombasa, na Waarabu waliokifahamu kisiwa hicho walikiita Al-Khadhraa, yaani cha kijani. Leo Mpemba anayepika wali mara nyingi anapika mchele uliotoka Pakistani, Vietnam, Thailand au India, ukashushwa bandarini kwa magunia. Baina ya hali hizi mbili umepita mti mmoja, mkarafuu. Na kila bei ya mchele inapopanda, swali lilelile hurudi barazani: kwa nini tusilime chakula chetu wenyewe?

Swali hilo ni la haki. Wapo wanaolijibu kwa kusema kwamba nchi isiyojilisha si nchi, na wapo wanaolijibu kwa kusema kwamba soko litaleta kila kitu. Mimi naona kila upande umeshika kipande cha hesabu na kukiacha kingine, na hesabu yenyewe ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Inataka tujue jambo moja tu: kilo moja ya karafuu inanunua kilo ngapi za mchele?

Miche ya kwanza ya mikarafuu ililetwa Unguja yapata mwaka 1818 kutoka visiwa vya Bahari ya Hindi vilivyokuwa vikilimwa na Wafaransa. Anayetajwa kuileta ni Saleh bin Haramil, mfanyabiashara wa Kiarabu. Seyyid Said alipouona utajiri wake aliamuru wenye mashamba wapande mikarafuu mitatu kwa kila mnazi mmoja. Kazi ya kufyeka, kupanda na kuchuma ilifanywa na watumwa waliotekwa bara. Hilo halina budi kusemwa mapema, kwa sababu vitabu vingi vya uchumi huzungumzia zao "lililokubaliana na ardhi" kana kwamba ardhi ilifanya kazi peke yake. Mwaka 1872 kimbunga kikubwa kiliing'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja na kuiacha ya Pemba karibu yote imesimama, na tangu hapo Pemba ndiyo imekuwa kisiwa cha karafuu. Mikono na vilima vilipohamia kwenye karafuu, mchele ukaanza kuja kwa meli.

Ni sadfa tu kwamba mwaka mmoja kabla ya miche hiyo kufika, yaani 1817, David Ricardo alikuwa amechapisha London kitabu chenye maelezo mashuhuri ya kwa nini nchi hufanya hivyo. Mfano wake ulikuwa wa Uingereza na Ureno, nguo na mvinyo. Akasema tuchukulie kwamba Ureno inatengeneza vyote viwili kwa kazi ndogo kuliko Uingereza. Mtu wa kawaida angesema Ureno haina haja ya kununua chochote, na Uingereza haina cha kuuza. Ricardo alionyesha kwamba hata hapo zote mbili zinapata faida zikibadilishana, kwa sababu swali halikuwa nani hodari kuliko mwenzake. Swali ni kila mmoja anaacha nini anapoamua kufanya kitu fulani. Wanauchumi wanaiita faida linganishi, na ndiyo inayoeleza mchele wa Pemba vizuri kuliko neno lolote la kujilaumu.

Tufanye hesabu. Takwimu hizi nimezitunga ziwe nyepesi kuzifuata, lakini mwelekeo wake ni wa kweli. Tuseme mkulima wa Pemba anahitaji siku 40 za kazi kupata kilo 100 za mchele uliokobolewa, kuanzia kulima kwa jembe, kupalilia, kuamia ndege, kuvuna hadi kutwanga. Kilo 10 za karafuu kavu zinamchukua siku 10. Mkulima wa bonde la mto Mekong kule Vietnam, mwenye maji ya mifereji, mashine na mbegu za muda mfupi, anapata kilo 100 za mchele kwa siku 8. Na tumpe ubora zaidi: akiamua kuchuma karafuu, atapata kilo 10 kwa siku 8 vilevile. Yeye basi ni mwepesi kuliko Mpemba kwa mazao yote mawili.

Sasa tazama kila mmoja anaacha nini. Mpemba akilima kilo 100 za mchele ameziacha siku 40, ambazo zingempa kilo 40 za karafuu. Mvietnamu akilima mchele uleule ameacha kilo 10 tu za karafuu. Kwa hiyo mchele ni ghali Pemba na rahisi Vietnam, ukiupima kwa karafuu, na karafuu ni rahisi Pemba na ghali Vietnam, ukizipima kwa mchele. Bei yoyote ya mabadilishano iliyo kati ya kilo 10 na kilo 40 za karafuu kwa kilo 100 za mchele inawafaidisha wote wawili. Wakikutana kwenye kilo 20, Mpemba anafanya kazi siku 20 na kupata mchele ambao kwa jembe lake ungemchukua siku 40. Mvietnamu anafanya kazi siku 8 na kupata kilo 20 za karafuu ambazo zingemchukua 16. Hakuna aliyemdhulumu mwenzake, na wote wamebakiwa na siku za kufanya jambo jingine.

Kilo 20 sikuzichagua ovyo. Baada ya shirika la serikali kupandisha bei ya kununulia mwaka 2011, karafuu za daraja la kwanza zilikaa kwa muda mrefu kwenye shilingi 14,000 kwa kilo. Tukichukua mchele wa shilingi 2,800 dukani, kilo moja ya karafuu inanunua kilo tano za mchele kamili, na kilo 20 zinanunua 100.

Ili hesabu hii isibaki karatasini, fikiria kilo hiyo moja inatoka wapi. Mchumaji anapanda mti mrefu wenye matawi yanayovunjika kwa urahisi, na kila mwaka wapo wanaoanguka wakaumia. Anachuma vikonyo vyenye matumba kabla hayajafunguka kuwa maua, maana yakishafunguka thamani yake imepungua. Jioni watu wa nyumba nzima, watoto kwa wazee, hukaa kuchambua, wakitenga karafuu na makonyo. Asubuhi huanikwa kwenye majamvi, na jua likiwa zuri zinakauka kwa siku tatu au nne, zikigeuka kutoka rangi ya kijani na wekundu kuwa za kahawia iliyoiva. Mvua ikizikuta jamvini na zikachelewa kuanuliwa, zinapauka na kushuka daraja. Karafuu mbichi kilo tatu hutoa kavu kilo moja hivi. Anayepima kavu kituoni anauza theluthi tu ya uzito alioushusha mtini, na bado inampa kilo tano za mchele. Ndiyo maana vilima vya Wete na Mkoani havikuwahi kurudi kuwa mashamba ya chakula.

Lakini Ricardo alitupa bei ya mabadilishano kama kitu kilichokwisha kupatikana, na hapo ndipo Pemba ilipoumia. Katika miaka ya 1970 mnunuzi mkubwa kuliko wote wa karafuu za Zanzibar alikuwa Indonesia. Karafuu zao hawazitii kwenye pilau. Wanazichanganya na tumbaku kutengeneza sigara za kreteki, na kiwango wanachochoma ni kikubwa mno kiasi kwamba nchi hiyo, ambayo visiwa vyake vya Maluku ndivyo asili ya mkarafuu, ilikuwa ikiagiza kutoka kwetu. Serikali ya Suharto ikaamua kupanda. Mkarafuu huanza kuzaa baada ya miaka mitano hadi minane, kwa hiyo kwa muda hakuna aliyeona badiliko, na kisha badiliko likaja kwa pamoja. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 Indonesia ilikuwa inajitosheleza, na bei ya dunia ikaporomoka.

Irudie hesabu yetu. Bei ikishuka mpaka kilo moja ya karafuu inunue kilo mbili tu za mchele, basi kilo 100 za mchele zinataka kilo 50 za karafuu, yaani siku 50 za kazi. Kuzilima nyumbani ni siku 40. Faida linganishi imegeuka bila mkulima kubadili chochote shambani mwake. Kwenye karatasi jibu ni jepesi: acha karafuu, lima mpunga. Kisiwani jibu hilo halipo. Kilima chenye mikarafuu hakishiki maji ya mpunga. Mti uliokatwa hautarudi kwa miaka sita bei ikipanda tena. Basi Wapemba walifanya walichoweza: waliacha kupalilia, waliacha kupanda miche mipya, vijana wakaondoka kwenda Unguja, Dar es Salaam, Mombasa na Uarabuni. Mikarafuu ikazeeka. Hasara ya nchi inayotegemea zao moja na mnunuzi mmoja inaonekana hapo, katika miti isiyopandwa, muda mrefu baada ya bei yenyewe kusahaulika.

Kuna njia nyingine ya kumfikisha mkulima kwenye kilo zilezile mbili za mchele, na hii haikutoka Indonesia. Tangu mwaka 1968 karafuu zimenunuliwa na Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar peke yake. Kwa miaka mingi lilimlipa mkulima sehemu ndogo ya bei liliyouzia nje, na kinachobaki kikawa ndicho mapato ya serikali. Makusudio yalikuwa kujenga shule, hospitali na nyumba, na baadhi ya hizo zimesimama mpaka leo. Lakini iangalie kwa macho ya mwenye shamba. Karafuu yenye thamani ya shilingi 14,000 ikilipwa 5,600, kwake yeye soko la dunia limeanguka, hata kama London na Singapore bei ni nzuri. Nchi bado inapata kilo tano za mchele kwa kilo ya karafuu, yeye anapata mbili, na kwa hizo mbili hana sababu ya kuupanda mti.

Dalili ya hali hii haijifichi. Mashua zilivuka usiku kwenda Shimoni, Vanga na Mombasa zikiwa na magunia ya karafuu, ambako mnunuzi yeyote alilipa kilicho karibu na bei ya kweli. Serikali iliunda kikosi maalumu cha kuzuia magendo, KMKM, chenye boti na silaha, na magendo yakaendelea. Yalipungua sana baada ya 2011, pale shirika lilipoamua kumlipa mkulima takriban asilimia 80 ya bei ya kuuzia nje. Tofauti ya bei ilipozibwa, safari ya usiku ikakosa faida. Anayetaka kujua kama sera ya zao la kuuza nje inamdhulumu mkulima hahitaji tume ya uchunguzi. Atazame zao linaelekea wapi usiku.

Njia ya tatu ndiyo inayowapita wengi, kwa sababu haigusi karafuu kabisa. Inagusa mchele. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 serikali ya Mzee Abeid Karume ilibana uagizaji wa mchele na vyakula vingine ili Visiwa vijilishe. Wakati huo karafuu zilikuwa na soko zuri na fedha za kigeni zilikuwapo, lakini watu walipanga foleni kwa mgao, na nyumba nyingi zilikula muhogo siku baada ya siku. Wazee wa Pemba wanaoikumbuka miaka ile wanaiita njaa, na sidhani kuna neno jingine.

Mwanauchumi Abba Lerner alieleza mwaka 1936 kwamba kuvitoza ushuru vinavyoingia kunaleta matokeo yaleyale na kuvitoza kodi vinavyotoka. Kwa nchi inayouza zao moja na kununua chakula kimoja, jambo hili linaonekana waziwazi. Mchele wa shilingi 2,800 ukitozwa asilimia 75, na mzigo wote ukamfikia mlaji, unakuwa shilingi 4,900. Kilo ya karafuu haijaguswa, bado ni 14,000, lakini sasa inanunua kilo 2.86 badala ya tano. Kilo 100 za mchele zinataka kilo 35 za karafuu, siku 35, na ile nafuu ya siku 20 aliyokuwa nayo mkulima imebaki siku tano. Hakuna aliyemtoza senti kituoni, na bado amepoteza zaidi ya theluthi ya thamani ya jasho lake. Nikisikia mtu anataka mchele wa nje uzuiliwe ili mkulima wa Zanzibar anufaike, namuuliza mkulima yupi. Wa bondeni mwenye mpunga wa kuuza atanufaika. Wa kilimani anayenunua mchele atalipa, na wa kilimani ni wengi.

Asilimia 75 hiyo nayo si ya kubuni. Ndicho kiwango ambacho Jumuiya ya Afrika Mashariki imekiweka kwa mchele kutoka nje ya Jumuiya, na kwa Tanzania Bara kina maana yake, kwa sababu Mbeya, Morogoro na Shinyanga zinalima mpunga mwingi na wakulima wake wangepigwa vibaya na mchele wa bei ya chini wa Asia. Zanzibar imekuwa ikitoza ushuru mdogo kuliko huo, kwa kuwa hali yake ni kinyume. Ni nchi moja yenye faida mbili linganishi zilizotazamana ng'ambo ya mkondo wa bahari, na matokeo yake yametabirika: mchele ulioingia Unguja kwa ushuru mdogo huvushwa kwa majahazi kwenda pwani ya bara, wakati karafuu zilikuwa zikienda Kenya. Walanguzi hawajasoma Ricardo, lakini hawakosei hesabu.

Hofu ya wanaotaka tujilishe ina msingi, na sitaki kuipita haraka. Machi 1942 Wajapani waliiteka Rangoon, na mchele wa Burma ambao Zanzibar ilikuwa ikiutegemea ukakatika. Ukaja mgao uliowagawa watu kwa asili zao, na Waafrika ndio waliopata mchele mchache. Mwaka 2008 India na Vietnam zilizuia mchele wao usitoke, na mchele wa Thailand uliokuwa chini ya dola 400 kwa tani mwanzoni mwa mwaka ukakaribia dola 1,000 kabla ya nusu ya mwaka. Julai 2023 India, yenye karibu asilimia 40 ya mchele wote unaouzwa baina ya nchi, ilipiga marufuku usafirishaji wa mchele mweupe wa kawaida na haikuufungua mpaka Septemba 2024. Ricardo hakusema kitu juu ya muuzaji anayefunga mlango. Kilo tano kwa kilo moja ni bei nzuri mpaka siku unapofika na karafuu zako ukaambiwa mchele hauuzwi.

Hatari hiyo ni ya ghafla na hupita baada ya miezi, na kinga yake inapaswa kuwa ya namna hiyohiyo: akiba ghalani inayotosha miezi kadhaa, wauzaji zaidi ya mmoja, na makubaliano ya kudumu na wakulima wa bara, ambao mchele wao hauwezi kufungiwa na serikali ya Delhi. Akiba ina gharama zake. Mchele huliwa na fukusi, lazima uzungushwe, uuzwe wa zamani na kununuliwa mpya, na ghala lisilosimamiwa huwa tupu siku linapohitajika. Hata hivyo gharama hiyo ni ndogo kuliko kumtoza kila mlaji asilimia 75 kila siku kwa ajili ya mwaka mmoja mbaya katika kumi na tano.

Halafu kuna kalenda. Katika mfano wangu nimezihesabu siku za kazi kana kwamba ya Aprili inaweza kubadilishwa na ya Oktoba, na shambani haiwezekani. Mpunga wa mvua hupandwa kwa ajili ya masika na kuvunwa kufikia Juni na Julai. Uchumaji mkubwa wa karafuu huanza baada ya hapo na kuendelea hadi mwisho wa mwaka. Mpunga wa Pemba pia kwa sehemu kubwa hulimwa na wanawake, na kwenye mabonde ambako mkarafuu hauoti vizuri kwa sababu ya maji. Mama anayelima mpunga bondeni mwezi wa nne hajaacha kilo 40 za karafuu. Hajaacha karafuu hata moja. Mpunga wake unaweza kuwa na maana kamili, hata kama hesabu ya nchi nzima inasema mchele uagizwe.

Kwa hiyo mabonde ya Cheju na Chaani kule Unguja, ambako miradi ya umwagiliaji imechimba visima na mifereji, yanastahili fedha hizo, mradi maji yafike na pampu zitengenezwe zinapoharibika. Maji yakifika, siku 40 za kilo 100 hupungua sana, na hapo mkulima wa bondeni anashindana bila kumwomba mlaji amlipie. Hapo kuna tofauti kubwa na kupandisha ushuru: mfereji unapunguza gharama ya mchele wa nyumbani, ushuru unapandisha bei ya mchele wote. Siku hizi fedha nyingi zinazonunua mchele wa Zanzibar zinatoka kwa watalii wa Unguja kuliko kwenye karafuu, lakini mahoteli hayo Pemba ni machache. Huko mchele wa nyumba nyingi bado unalipiwa kituo cha karafuu, na bei itakayotangazwa mwanzoni mwa msimu ndiyo itakayoamua kama mwenye shamba atatia mche mpya pale mti wa babu yake ulipokauka, kazi ambayo malipo yake ya kwanza atayaona baada ya miaka mitano au zaidi.